Kosa la Zoubeida

Askari wa kiwanja cha ndege cha Ouani alilifungua jalada la Chahida juu ya pipa, akazipekua karatasi moja moja.

"Hizi nini?"

"Hesabu za watoto. Hamsini na mbili toa ishirini na saba."

Askari akatazama juu kidogo, midomo ikimchezacheza. "Ishirini na tano," akasema, na uso ukamng'aa kama aliyepewa zawadi. "Pita, fundi."

Fundi, ndivyo wanavyomwita mwalimu visiwa hivyo. Chahida alikuwa akifundisha walimu kule Mvouni, mlimani juu ya Moroni, katika kisiwa cha jirani. Ilikuwa Machi 1998, miezi saba tangu kisiwa cha Nzwani kitangaze kujitenga na serikali ya Moroni, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga kisiwa hicho tangu siku hiyo. Alimshukuru Mungu moyoni, akaingia garini kuelekea mji wa Mutsamudu.

Chini kabisa ya jalada lile ulikuwamo mwongozo wa walimu, kurasa thelathini, ukingoja saini yake tu. Akisharudi na kutia saini, ungechapwa na kupelekwa shule arobaini. Mwongozo ulieleza namna ya kufundisha hesabu za kutoa, na kwa nini namna hiyo inafaa. Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyomleta. Alitaka kuiona kwa macho yake kabla ya kuwapa watoto wa watu.

Kazi yenyewe aliianza na walimu wawili, Loutfia wa Moroni na Mikidache wa Mutsamudu. Hawakuwa watu wa kupokea somo lililokwisha kupikwa. Walikaa pamoja wakalitunga, wakalijaribu darasani, wakatazama lilipokwama, wakalirekebisha, wakalijaribu tena. Kila duru ilikuwa na dhana yake iliyoandikwa mapema: tukifanya hivi, mtoto ataelewa kwa sababu hii. Duru ikiisha, dhana nayo ilirekebishwa. Na palikuwa na sharti moja ambalo Chahida alilirudia mpaka Mikidache akawa anamwigiza: lolote utakalobadilisha, liandike daftarini siku hiyo hiyo, pamoja na sababu.

Watoto walihesabu kwa njiti za mnazi, kumi kumi, zimefungwa kwa mpira uliokatwa katika tairi la baiskeli. Wengi wao, kwenye hamsini na mbili toa ishirini na saba, waliona mbili haitoshi kutoa saba, basi wakageuza, wakatoa mbili katika saba, wakaandika thelathini na tano. Dawa ilikuwa kufungua kicha kimoja cha kumi. Baada ya hapo zikaja dakika kumi za kosa: aliyekosea anasimama, anaeleza kwa lugha ya nyumbani alivyofikiri, wenzake wanamsaidia.

Katika duru ya kwanza watoto wa pande zote mbili walisimama wakawa mabubu. Kisha visiwa vikatengana. Duru ya pili ikaendeshwa kwa barua na kaseti zilizobebwa na wasafiri. Chahida alizituma Mutsamudu karatasi za watoto wa Moroni zenye makosa, ili Mikidache ayalinganishe na ya darasa lake. Mwezi wa pili kaseti zikarudi, na aliposikiliza mahojiano ya mtoto mmoja mmoja, machozi ya furaha yalimtoka. Moroni walioweza kueleza sababu ya kufungua kicha walikuwa kumi na wawili katika arobaini na mmoja. Mutsamudu walikuwa thelathini na mmoja katika arobaini. Tofauti pekee iliyokuwamo daftarini mwa Mikidache ni kwamba alianza njiti wiki moja mapema. Mengine yote: "Kama tulivyopanga. Watoto wanasema."

Basi Chahida akaandika katika mwongozo: mkono ukizoea mapema kufungua kicha, ulimi nao hufunguka.

Shuleni Mutsamudu, bendera ya Ufaransa, ambayo waliojitenga walitaka kurudi chini yake, ilikuwa imechorwa kwa rangi ukutani, mstari mwekundu umechuruzika. Ilikuwa mapumziko. Kijana mmoja alipigiwa mpira, ukampita miguuni.

"Zoubeida!" wenzake wakamzomea. "Zoubeida weee!"

Chahida akacheka. Mvulana anaitwa Zoubeida! Pembeni, msichana aliyemwaga maji akaambiwa na mwenzake, "Zoubeida mkubwa." Hapo kicheko kikamkauka. Alilikumbuka jina hilo kwenye kaseti. *Zoubeida hakufungua kicha.* Alidhani ni mtoto wa darasa lile. Jina hilo liko kila mtaa.

Mikidache akamkaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima, kofia yake nyeupe haijawahi kuonekana na doa. Lakini alimtazama Chahida begani, hakumtazama machoni.

"Dada, ungepumzika kwanza. Darasa lipo hata kesho."

"Nimekuja kwa ajili ya darasa, fundi."

Akakaa nyuma, kwenye dawati linaloyumba. Njiti zilitoka, vicha vikafunguliwa. Kisha Mikidache akaandika ubaoni kosa lenyewe, thelathini na tano, na sauti ikamshuka kidogo.

"Dakika za kosa. Nani amekosea hapa?"

"Zoubeida!" Darasa zima, kwa furaha.

"Wa wapi?"

"Wa Moroni!"

Mikono ikasimama kama msitu. Batoul, msichana mdogo wa dawati la mbele, akaruka ubaoni. "Zoubeida ni mvivu. Ameona mbili haitoshi, akaogopa kufungua, akageuza. Watu wa Moroni hawapendi kufungua vyao, wanataka vya wenzao. Unafungua kimoja hiki, sasa una kumi na mbili, unatoa saba, zinabaki tano." Aliyasema yote bila kumeza mate. Maelezo hayo Chahida alikuwa akiyatafuta kwa miaka miwili. Ubavuni mwa ubao, imebandikwa kwa gundi ya unga, ilikuwapo karatasi ya mistari, na juu yake jina la Zoubeida kwa mwandiko wa mtoto. Aliujua mwandiko huo. Ni karatasi aliyoitia bahashani kwa mkono wake mwenyewe, na jina hakulikata.

"Subhanallah," akanong'ona, na mtoto wa karibu akageuka kumtazama.

Watoto walipotoka, Mikidache alibaki akifuta ubao uliokwisha kuwa safi.

"Tangu lini?" Chahida akauliza.

"Novemba. Sikukusudia, Mungu ni shahidi. Mtoto mmoja alikosea, nikamwita, akaanza kutetemeka. Nikasema, acha, tutazame la huyu wa Moroni. Dada, ungewaona! Walisema mpaka nikawanyamazisha."

"Na daftarini ukaandika kama tulivyopanga."

"Ningeandikaje? Daftari linapekuliwa na askari, kisha linakufikia wewe, mtu wa huko huko. Niandike kwamba nawachekesha watoto kwa watu wa kwenu? Wewe ni mgeni wangu hata ukiwa mbali. Nilikuonea haya."

"Haya hiyo ilikuwa inakwenda shule arobaini, fundi." Akautoa mwongozo, akauweka mezani. "Nimeandika hapa kwamba ni njiti. Siyo njiti. Watoto wako wamesema kwa sababu kosa si lao."

"Hilo si jema kulijua?"

"Ni jema. Namna tulivyolijua ndiyo si njema." Akaitazama karatasi iliyobandikwa. "Na jina nililituma mimi."

Adhana ya alasiri ikasikika. Chahida aliswali katika chumba cha vitabu, na baada ya salamu akabaki kwenye mkeka, paji la uso chini, akiomba msamaha kwa mtoto ambaye hakujua kama amekosewa. Alipoinuka alikuwa na jambo moja tu la kupendekeza. Kesho wabadilishe kitu kimoja, vingine visiguswe: hesabu ileile, njiti zilezile, kosa lilelile, lakini mwenye kosa awe Mikidache alipokuwa na miaka minane.

"Mimi?" Mikidache akashika kofia. "Watanicheka mpaka sokoni."

"Ndiyo maana nakuomba."

Kesho yake darasa liliganda. Mwalimu akosee? Kisha mkono mmoja ukainuka, wa pili, mpaka kumi na tisa. Chahida alihesabu mara mbili. Walikuwa wachache kuliko jana, ila walieleza kosa, wala hakuna aliyetaja uvivu wa mtu. Mikidache akaandika daftarini mbele yake: *Tumebadilisha mwenye kosa. Sababu: la awali lilikuwa haramu.* Akasita, akaongeza tarehe ya Novemba.

Mlangoni Batoul akamvuta Chahida nguo. "Zoubeida amekwenda wapi leo? Anaumwa?"

Siku iliyofuata Chahida akapanda ndege kurudi Moroni.

Moroni, Loutfia alimsikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, na Chahida alijiandaa kutukanwa. Lakini Loutfia alisema polepole, "Zoubeida gani? Huyu wangu?"

"Huyu wako."

"Hujui kwa nini hasemi ubaoni?"

"Tuliandika aibu."

"Baba yake mtu wa Mutsamudu, Chahida. Tangu mwezi wa nane wenzake wanamwita msaliti. Akisimama tu, wanamwambia rudi kwenu."

Chahida akashika ukingo wa dirisha. Chini, soko la Volo Volo lilikuwa likipiga kelele zake za kila siku, na yeye hakusikia hata moja. Kule anachekwa kwa kuwa wa hapa, hapa anazomewa kwa kuwa wa kule, na katikati yeye, Chahida, na bahasha. Miaka miwili alimpima mtoto huyo, akamwandika kwenye jedwali, namba kumi na nane, "hajibu". Hakuwahi kuuliza yeye ni nani.

"Na wewe hukuniambia," akasema.

"Uliuliza njiti," Loutfia akajibu.

Siku ya Alhamisi, ubaoni Moroni kuliandikwa thelathini na tano, na chini yake: kosa la Chahida. Alisimama mwenyewe mbele ya watoto arobaini na mmoja, akaeleza alivyogeuza. Watoto walicheka sana. Loutfia akawaacha wacheke, kisha akaita, si kwa mikono, kwa safu. Zamu ikamfikia namba kumi na nane.

Kutoka nyuma mmoja akaanza, "Rudi kw..." Loutfia akamgeukia. Akanyamaza.

Zoubeida akaja. Alikuwa mdogo kuliko mwandiko wake. Alichukua kicha kimoja, akauvuta mpira taratibu, njiti kumi zikamwagika mezani. Akazitazama. Akamtazama Chahida usoni, muda mrefu, kama anayemchunguza iwapo kweli alikosea. Kisha akarudi kukaa.

Mwongozo ulibaki jaladani bila saini. Chahida akafungua daftari, akaandika tarehe, na chini yake: *Duru ya tatu, Moroni. Namba kumi na nane*. Akaikata namba, akaandika *mtoto mmoja*. *Amefungua. Hakusema. Sababu: hatujui bado, tumuulize, akitaka.*