Siagi Mara Mbili

Mama mkwe wangu alitia siagi mara mbili. Nilimwona. Alikata siagi baridi vipande vidogo, akavitia kwenye bakuli la unga, akageuka kusuuza kisu. Aliporudi akaiona siagi iliyobaki mezani, akapima nyingine sawa na ile ya kwanza, nayo akaitia. Kisha akaanza kusugua kwa ncha za vidole, ametulia kabisa.

Siku hiyo haikuwa siku ya kukosea. Fundi cherehani, rafiki yake tangu ujana wao, alikuwa anazikwa mchana, na watoto wa marehemu walitaka waombolezaji waje mkahawani kwetu baada ya maziko. Chakula walichoomba ni kimoja tu: chenga. Ndivyo tunavyoyaita hapa kwetu matunda ya kuoka yaliyofunikwa kwa chengachenga za unga, siagi, sukari na oti. Fundi alikuja kuila kila Jumamosi, na chenga zisipovunjika chini ya meno alirudisha sahani. "Uji nitakunywa nikiugua," alikuwa akisema. Maskini, hata hiyo nafasi ya kuugua hakuipata.

Kipimo si siri. Mama alimpa kila aliyeuliza, nami alinifundisha nilipoolewa, wakati ambapo hata kuchemsha yai kulinishinda, jambo ambalo hajaacha kunikumbusha. Kwa uzito, unga ni sehemu mbili. Siagi moja, sukari moja, oti moja. Siagi ikizidi namna ile, chenga hazisimami. Zinayeyuka ndani ya oveni, zinatambaa juu ya matunda, na unachotoa ni kinyunya kizito kinachovuja mafuta.

Kwa miezi sasa nilikuwa na dawa yangu. Nilikuwa namtuma mbele akapange vikombe, namwaga alichochanganya, napima upya. Wateja walimsifu, naye alifurahi. Mume wangu hakujua. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mama akianza kuharibu vitu, jikoni haingii tena, atakaa nyumbani apumzike. Ananipenda na anampenda mama yake, lakini kuna mambo asiyoyaona. Mama bila jiko lile angekwisha kabla ya mwaka kwisha, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

"Mama, hebu kapange vikombe," nikamwambia.

Akaenda. Nikachukua bakuli, nikalimimina kwenye ndoo ya taka. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni. Amerudi kuchukua kitambaa.

"Hiyo ni ya Fundi," akasema.

"Siagi ilizidi, mama. Umetia mara mbili."

"Leo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: leo tu, msiba umekuchanganya. Lakini alinikazia macho, nikashindwa.

"Si leo tu."

Akavuta kreti tupu, akakaa.

"Na watu wamekuwa wakila ya nani?"

"Yangu."

"Wakinisifu mimi."

"Ndiyo, mama."

Hapo akawaka. "Umenifanya mtoto! Mimi niliyekushika mkono humu humu jikoni, leo unanituma vikombe ili unitupie kazi yangu?"

Na mimi hasira zangu haziko mbali. "Ulitaka nifanyeje? Mwanao anangoja kosa moja tu akufungie nyumbani! Ningemwambia?"

Kisha macho yake yakashuka mezani.

"Irudishe siagi kwenye friji," akasema. "Inalainika."

Nikairudisha. Nilipogeuka, hasira ilikuwa imemtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka sana.

"Usinidanganye tena," akasema. "Kwa jambo lolote, hata likiniuma. Kichwa changu chenyewe kinanidanganya vya kutosha, mwanangu. Nikikukosa na wewe, nitamshika nani?"

Niliapa. Nililia pia, nisijifanye jasiri.

Tukaanza upya. Mimi nilipima kila kitu kwa sauti, yeye akasugua. Hesabu ndizo zilizomkimbia. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Aliinua unga na kuuachia, haraka, kabla siagi haijapata joto la mkono, akabakiza madonge madogo ya ukubwa wa njegere. Akachanganya sukari na oti, akanyunyiza matone ya maji baridi, akakoroga kwa uma hadi zikashikana vibonge vibonge. "Basi," akasema. "Ukizidisha utapata mchanga."

Plamu za siku hiyo zilikuwa zimeiva mno, zimejaa maji. Nilizichanganya na sukari kidogo tangu asubuhi, nikaziacha kwenye chujio juu ya sufuria. Maji yaliyotoka niliyachemsha yakapungua, nikatia wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi, yakawa mazito, nikayarudishia matunda. Tukayaoka kwenye trei pana zisizo na kina, wazi, mpaka rojo ikatokota pembeni. Chenga tulizioka peke yake, zimetandazwa kwenye trei nyingine, hadi zikawa rangi ya kahawia, tukaziacha zipoe. Hukauka na kukaza zikipoa. Maziko hayana saa ya kwisha, na chenga zikikaa juu ya matunda ya moto hunywa mvuke mpaka zinalegea. Tungezinyunyiza wakati wa kupakua.

Mume wangu alikuja kutusaidia kubeba. Akaona trei za moto, akakunjua karatasi ya foili.

"Usifunike!" tukapiga kelele kwa pamoja.

"Haya, haya, mabibi. Niliogopa vumbi."

"Vumbi litapanguswa, mvuke haupanguswi," mama akamwambia. Kisha, kwa sauti ile ile: "Na ujue jambo moja. Ninasahau. Mkeo anapima, mimi nasugua. Ukitaka kunitoa humu, tutoe wote wawili."

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Aliishika trei akaipeleka mbele polepole, na aliporudi kuchukua ya pili macho yake yalikuwa mekundu.

Tulikwenda kumzika Fundi, na alasiri tuliporudi mkahawa ulijaa. Watu walikaa, wengine walisimama ukutani na sahani mkononi. Nilipita nikinyunyiza chenga kwa kijiko, na mama nyuma yangu akihakikisha simnyimi mtu. Kilichosikika chumba kizima ni kule kuvunjika kwa chenga chini ya meno. Binti wa Fundi aliinama juu ya sahani, mabega yakimtetemeka, lakini hakuacha kula.

Mama akanivuta mkono.

"Mwekee Fundi sahani yake," akaninong'oneza. "Chenga zake weka kando. Akichelewa asije akakuta zimelowa."

Ningeitikia tu, nikaweka sahani kando, na jambo lingepita. Baada ya muda mfupi angeisahau sahani yenyewe. Nani angenilaumu?

Nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, Fundi amefariki. Tumetoka kumzika."

Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Watu wakageuka. Alilia mbele yao wote, amejiegemeza kifuani mwangu, kwa uchungu mpya kabisa, na mimi nikajilaani na kiapo changu.

Baadaye sana akajifuta uso kwa ncha ya aproni.

"Nilikuwa nimeshaambiwa?"

"Ndiyo, mama. Juzi habari ilipofika. Leo ulipoamka. Na sasa."

"Na nililia?"

"Kila mara."

Pumzi ilikuwa inamrudia.

"Basi vizuri," akasema. "Fundi hakuwa mtu wa kuliliwa mara moja."