Sura ya Spika

Wasichana wenzake walimwita Spika, kwa kuwa aliongoza midahalo ya shule na sauti yake haikutetereka. Wiki ile video ilizagaa kwenye simu za wanafunzi: mwanamke akivua nguo, uso ni wa Spika.

Mkuu wa shule alimwagiza mwalimu wa kompyuta aeleze ukweli mbele ya kidato cha tatu chote.

"Na Spika awepo," alisema, "ajionee anavyosafishwa."

Spika aliketi safu ya tatu, macho yameganda kwenye daftari.

Mwalimu aliwasha projekta. "Programu hutafuta uso katika kila picha, na kuweka alama kwenye macho, pua na mdomo. Hulishwa maelfu ya picha za watu wawili. Sehemu moja ya programu hujifunza mambo wanayoshiriki wote: kichwa kimeinama vipi, mdomo umefunguka kiasi gani. Kisha kila mtu ana sehemu yake inayomchora, tuiite mchoraji wake. Ukichukua mkao wa uso wa huyu ukampa mchoraji wa yule, unapata sura ya yule ikifanya alichofanya huyu. Mwisho rangi ya ngozi inalinganishwa na kingo zinafichwa. Mwili unabaki wa yule wa kwenye video ya awali."

Akaonyesha mfano: uso wake mwenyewe kwenye mwili wa mcheza mpira. Mkono ulipopita mbele ya kidevu, taya lilicheza kama maji.

"Dalili kama hizi zinaweza kuwepo, zinaweza zisiwepo. Kwa hiyo msiamini macho tu. Yule si Spika. Mmeelewa?"

Mvulana wa nyuma, waliyemwita Kobe, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tunajua si yeye? Toka siku ya kwanza tunajua."

"Sasa kwa nini mnasambaza?"

"Si ndiyo raha yenyewe? Yeye si anajiona malkia!"

Darasa likaangua kicheko. Hata rafiki wa Spika wa dawati moja alicheka, kisha akaziba mdomo, akaendelea kucheka. Spika alikusanya vitabu vyake kimoja kimoja na kutoka. Mwalimu alipiga meza mpaka kiganja kikamuuma, hakuna aliyemsikia.

Kesho yake mama yake Spika alikuja peke yake ofisini kwa mkuu wa shule, mwalimu wa kompyuta akiwepo.

"Mwanangu amefunika kioo kwa shuka. Anasema akijitazama anamwona yule mwingine." Akamgeukia mwalimu. "Baba, nasikia uliwaambia darasani zinatakiwa picha nyingi. Za mwanangu walizipata wapi?"

Midahalo yote alikuwa ameirekodi mwalimu mwenyewe, kutoka kila upande, kwa mwanga mzuri, akaiweka kwenye ukurasa wa shule.

"Kwangu, mama."

Mama hakupiga kelele. Aliomba barua ya uhamisho, akasimama mpaka ilipopigwa muhuri.

Kobe na wenzake wawili walisimamishwa masomo wiki mbili kwa kuisambaza video. Waliporudi, darasa liliwapigia makofi.