Kitabu Nyuma ya Mkebe wa Dawa

Kazi yangu ni kusoma migongo. Watu wakisikia niko maktaba hudhani nashinda nikisoma vitabu, kumbe mwaka wa tisa huu nasoma migongo ya vitabu tu, tena kwenye picha. Mtu akitaka kutugawia vitabu vyake anapiga picha rafu zake na kututumia. Mimi naandika ninachokiona: jina la kitabu, mwandishi, namba ya picha, na nafasi ya kitabu kuanzia kushoto. Tusichonacho, gari linakifuata. Tulichonacho tunamwachia mwenyewe, atajua pa kukipeleka.

Sheria zenyewe si nyingi. Jina likizibwa na kitu, andika herufi zinazoonekana, weka nukta tatu ndani ya mabano ya mraba, na pembeni useme kimefichwa kwa sehemu. Usijazie kutoka kichwani. Na picha mbili zikiingiliana, yaani kitabu cha mwisho kulia kwenye picha moja kikatokea tena kushoto kwenye picha inayofuata, kihesabu mara moja tu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza.

Picha za Mwalimu ziliingia Jumatatu, thelathini na mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu, mgane, macho yamemwishia nguvu, anahamia chumba kimoja kwa binti yake. Nyumba ilikuwa ikabidhiwe Alhamisi. Binti ndiye aliyepiga picha, na alipiga kama mtu anayekimbia mvua. Kila rafu imeangukiwa na mwanga wa taa, na mbele ya vitabu kumeachwa kila kitu: miwani, saa iliyosimama, mkebe wa dawa za macho, kikombe kisicho na mkono.

Mkuu wangu wa sehemu tunamwita Sasa Hivi, maana hajui neno jingine. Alipita mezani kwangu saa nne.

“Orodha ya Mwalimu ipo?”

“Nimefika picha ya kumi na nne, bosi.”

“Dereva anaisubiri. Naitaka sasa hivi.”

“Macho ninayo mawili tu.”

“Basi yatumie yote mawili,” akasema, akajicheka mwenyewe na kwenda zake.

Nilikuwa nimechoka, sifichi. Nilichoka na picha, na kiti, na ule wekundu wa macho ambao haukomi hata uoshe na maji baridi. Mwisho wa picha ya kumi na nne, kulia kabisa, palikuwa na mgongo wa kitambaa cha kahawia. Sehemu ya juu ilimezwa na mwanga wa taa, sehemu ya chini imezibwa na ule mkebe. Nikafungua picha ya kumi na tano: wa kwanza kushoto, mgongo wa kitambaa kile kile cha kahawia, wazi kabisa: *Bustani ya Nyuma ya Nyumba*, mwandishi hajaandikwa mgongoni. Nikasema ni kile kile, picha zimeingiliana. Nikakiandika mara moja, nikasonga mbele. Ilinichukua muda wa kupiga chafya.

Jumatano dereva akaenda na orodha yangu mkononi, akarudi na vitabu mia na sita. Kisichokuwemo kwenye orodha hakikuguswa.

Ijumaa Mwalimu akapiga simu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nina ombi, ukiwa na nafasi. Nisomee orodha. Binti yangu hana muda, na mimi siwezi tena kujisomea. Nataka kuvipitia mara moja, kuviaga.”

Nafasi sikuwa nayo, ila sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kuomba. Nikaanza. Alikuwa akinitangulia. Nikisema *Mito Inayopotea Jangwani*, yeye anasema, “Na pembeni yake nyuki.” Kweli, kilichofuata ni *Ufugaji wa Nyuki kwa Mwenye [...]*, mwandishi amefichwa.

“Kwa Mwenye Subira,” akasema. “Nyuki walinishinda hata hivyo.”

Tukacheka. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikusikia mgongo ukiniuma. Tukafika mwisho wa picha ya kumi na nne.

“*Jinsi ya Kupima Shamba*,” nikasoma. “Halafu *Bustani ya Nyuma ya Nyumba*.”

“Hapana. Umeruka kimoja.”

“Hapa vimefuatana, Mwalimu.”

“Kabla ya bustani kuna cha mama. Mke wangu. Vyote viwili alivijalidi yeye, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia. Cha bustani kilikuwa kimechanika, akakiokoa. Hicho kingine alikiandika mwenyewe, kwa mkono.”

Nikamuuliza kwa nini hakukichukua.

“Kwa binti yangu kuna watoto, vitu havikai. Nikasema kwenu kitatunzwa. Si mnachukua msichokuwa nacho? Hicho kiko kimoja dunia nzima, nikajua hamwezi kukiacha. Sijakisoma, unajua. Kila nikimwomba ananiambia nisubiri, hajamaliza. Akafa. Nikawa kila nikikishika mkono unakataa kukifungua, nikajiambia kesho. Macho nayo yakaniwahi. Sasa nilitaka nije hapo kwenu, mtu yeyote anisomee hata kurasa mbili.”

Nikamwomba anisubiri, nitampigia.

Nilimpigia binti yake. “Vilivyobaki vilichukuliwa jana asubuhi, dada,” akasema. “Wale wa karatasi chakavu. Kwani kuna tatizo?” Nikawapigia wa karatasi chakavu. Mwanamume aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulinimaliza. Mzigo wa jana umesagwa jana ile ile, akasema, saa hizi ni uji wa maboksi.

Nikarudi kwenye picha ya kumi na nne. Nikaikuza, nikapunguza mwanga, nikaongeza weusi, kazi ya dakika tatu ambayo Jumatatu sikuifanya. Ndani ya ule weupe wa taa herufi zikaanza kujitokeza, za mkono, zimeandikwa kwa wino kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye kitambaa. Haikuwa bustani hata kidogo.

Nikampigia. Sikuzungusha maneno. Nilimwambia kitabu kimesagwa, na kwamba si kosa la binti yake wala la dereva. Nilidhani migongo miwili ni mmoja, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kuangalia. Nikamwomba radhi, nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo dogo.

Nilimsikia akivuta kiti.

“Picha unayo bado?”

“Ninayo, Mwalimu.”

“Jina lake linasomeka? Sikuwahi kulijua. Karatasi ile aliibandika mwezi ule wa mwisho, na mimi nilishaanza kuona ukungu.”

“Linasomeka kwa sehemu.”

“Nisomee.”

“*Barua kwa*,” nikasema, nikasimama hapo.

“Kwa nani?”

Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Mume Wangu. Lingemtosha, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunikanusha. Nikautazama ule mkebe wa dawa zake mwenyewe, umesimama mbele ya maneno yaliyobaki.

“Pamezibwa, Mwalimu. Hapaonekani.”

“Hata herufi moja?”

“Hata moja.”

Nilimsikia akihema. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu, mlango ukabamizwa.

“Wewe unadhani aliniandikia mimi?” akauliza.

“Sijui, Mwalimu.”

“Miaka arobaini na moja,” akasema. “Hata mimi sijui.”