Mstari wa Katindiuka

Omega alikuwa na miaka minane alipogongwa na lori la mpunga kwenye kivuko cha shule, pale Katindiuka. Mama yake, Domitila, alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Dereva alikuwa Evod, mdogo wake Leodegar, mwalimu wa fizikia aliyekaa meza moja na Domitila ofisini.

Wiki ya mazishi ilipokwisha, Domitila alirudi kazini. Akaweka mezani karatasi iliyochapwa namba.

"Imetoka kwenye kifaa cha lori," alisema. "Kila sekunde tano kinaandika limefika wapi. Mwendo hakiandiki. Na hapa kimeandika lilipotikisika."

Leodegar alizipitia namba zile. Hakuuliza kilichotikisa lori.

"Tajiri wa lori kapeleka hesabu polisi," Domitila aliendelea. "Mita mia sita kwa dakika moja, kuanzia darajani hadi liliposimama. Kilometa thelathini na sita kwa saa, na kibao cha pale kinaruhusu hamsini. Jumatatu wanafunga jalada."

"Huo ni wastani, Madam. Humo ndani kuna kuondoka taratibu darajani na kufunga breki mwishoni."

"Najua ni wastani. Wewe chora."

"Kwa nini mimi? Unajua ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana. Ukichora wewe, nani atasema umemwonea?"

Alichora. Umbali juu, muda chini. Akaziweka nukta, akazipitishia mchirizo mmoja laini kwa penseli. Mchirizo ulianza umelala, ukajiinua, ukazidi kujiinua hadi ukapita nukta ya mtikisiko, ndipo ukaanza kulegea. Evod alikuwa amewaapia wote nyumbani kwamba alishafunga breki kabla mtoto hajaingia barabarani. Angefunga breki, mchirizo ungelegea kabla ya nukta ile. Haukulegea.

Akalaza rula. Akaunganisha nukta ya mtikisiko na nukta ya sekunde kumi nyuma yake, akaurefusha mstari pande zote mbili. Akapiga hesabu: mita kumi na tatu na nusu kwa sekunde. Kilometa arobaini na nane na ushee kwa saa.

"Chini ya hamsini," alisema, akaweka penseli chini.

Domitila aliinama juu ya karatasi. Kule kwenye meza ya chai, Clinton, mwalimu wa michezo, aliacha kukoroga kikombe.

"Mstari wako unaukata mchirizo mara mbili," Domitila alisema. "Huo ni wastani tena, wa sekunde kumi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiniletea huo, namrudisha kwenye dawati lake."

"Ni makadirio, Madam."

"Mwanangu hakugongwa kwa sekunde kumi."

Akatoa kioo cha mraba cha poda kwenye mkoba, akamsukumia. Clinton alisema pole pole, "Kaka, mpe haki yake," kisha akatoka na chai yake.

Leodegar alikisimamisha kioo juu ya nukta, kikiukata mchirizo. Mchirizo na taswira yake vilivunjika kama goti lililokunjwa. Akakizungusha kidogo, akakizungusha tena, mpaka mchirizo ukaingia ndani ya kioo bila kona, kana kwamba unaendelea na safari. Akapiga mstari kufuata ukingo wa kioo, na juu yake, kwa pembe mraba, akapiga mwingine uliopita kwenye nukta. Huo uligusa mchirizo pale tu; mwinuko wake ndio mwendo wa lori sekunde ileile ya mtikisiko. Akachora pembetatu kubwa: sekunde kumi kwa mlalo, mita mia moja na themanini kwa wima.

"Kumi na nane," alisema.

"Kwa saa?"

"Sitini na tano, kasoro kidogo."

Domitila hakulia. Aliinyoosha karatasi kwa uangalifu. "Weka sahihi," alisema, na Leodegar akaweka.

Jioni alimkuta Evod, aliyekuwa nje kwa dhamana, akimmenyea mama yao viazi uani. Akamweleza yote. Mama aliacha chungu jikoni akaja kusimama mlangoni.

"Kwa rula na kioo?" Evod aliuliza. "Kaka, ungeinamisha mstari kidogo tu."

"Niliinamisha."

"Na?"

"Aliniona."

Evod aliendelea kumenya. Kiazi kilibaki kidogo mkononi, naye bado anakata. "Kwa hiyo asingekuona, ungeniokoa."

"Ndiyo."

"Basi usinitazame kama mimi peke yangu nimemuua."

Mama alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akarudi jikoni. Evod aliweka kisu chini.

"Mashine ilikuwa karibu kufungwa," alisema. "Nilikuwa nawahi foleni ya kukoboa. Breki nilikanyaga baada ya kusikia kishindo."

"Utayasema hayo Jumatatu?"

"Si mmeshayaandika."

Leodegar alimsogezea kisu, akachukua kingine, akakaa chini kumsaidia. Wakamenya hadi viazi vilipokwisha.