Mshumaa wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Mishumaa, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Mwaka mzima alikuwa akinunua mishumaa myeupe ya bei ya chini, ile ya kuwasha umeme ukikatika, akaivunja ndani ya kopo na kuliweka kopo kwenye sufuria ya maji ya moto, maana nta ukiibandika moja kwa moja jikoni unaitafutia nyumba ajali. Ikishayeyuka aliopoa tambi, akaepua, akatia mafuta ya mchaichai, akamimina kwenye chupa za jamu zilizooshwa zikang'aa. Zile tambi akazirudisha katikati. Utepe shingoni, zawadi tayari.

Watu walinunua kupelekea wenzao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Kizuri chajiuza, alijiambia. Ungemuuliza kama amewahi kukaa akauwasha mmoja mpaka ukaisha, angekutazama kama umemwambia ale mtaji.

Kisha sista mkuu wa wodi ya wazazi, aliyekuwa anastaafu, akaagiza mishumaa ishirini ya kuwaagia wauguzi wake. Aliitaka Jumamosi saa sita mchana. Wauguzi ishirini ni nyumba ishirini, na wauguzi wanaongea. Wakiipenda, jina limesimama. Wakiicheka, bora arudi kuuza vitumbua.

Alhamisi asubuhi, yote ishirini ikiwa imepangwa mezani, alipita kwa mama mkwe wake kumsaidia kutundua mapazia. Mama mkwe alikuwa mtu wa adabu nzito. Miaka sita ya ndoa hajawahi kumwambia mkamwana wake neno baya, wala, ukweli usemwe, neno la ndani. Chumvi ikizidi, chakula kizuri. Nguo ikimbana, nguo nzuri. Asante, mwanangu.

Nyuma ya pazia, dirishani, ulikuwa mshumaa aliompa mwaka jana. Katikati una shimo la kuingia kidole gumba, utambi umezama chini, na nta imesimama pembeni kote kama ukuta. Kando yake, sahani imejaa njiti za kiberiti zilizoungua.

"Mama, huu mshumaa huwa unazima?"

"Ni mzuri, mwanangu."

"Mama. Hizi njiti zote?"

Mama mkwe alikunja pazia mara mbili, akalikunjua tena. "Unazima. Nikiuwasha, kidogo tu, unazima. Nauwasha tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa kwa mikono miwili. Zawadi utaisemaje?"

Mama Mishumaa aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Si huu mmoja: yote! Mwaka mzima ameuza kitu ambacho anayekilipia hakiwashi, na anayekiwasha hathubutu kukisema.

Nyumbani wifi yake, mshona nguo aliyeazimwa kwa ajili ya kufunga tepe, hakuona tatizo. "Peleka hivyo hivyo. Nani atajua? Watu hawa mishumaa mizuri wanaiweka kabatini."

"Mimi nitajua."

"Haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe ndiye mgema wa kwanza kuniita tuyachuje hayo maji."

Kosa lenyewe lilikuwa wazi, ukishaliona. Utambi wa mshumaa mwembamba una moto wa mshumaa mwembamba. Hauwezi kuyeyusha nta ya chupa yenye upana wa vidole vinne. Walizitia chupa kwenye maji, wakayapasha taratibu kioo kisipasuke, wakamimina nta yote irudi kwenye kopo. Wifi akatoa uzi mnene wa pamba. Walisuka nyuzi sita, wakachovya kwenye nta, wakajaribu: moto ukaruka juu na kioo kikawa cheusi kwa moshi. Nyuzi tatu zikawaka vizuri.

Ijumaa asubuhi alimpelekea mama mkwe mshumaa wa nyuzi tatu, akauwasha mwenyewe, wakaketi kuutazama kama wanaosubiri mkate uive. Saa ya kwanza, kidimbwi kidogo. Saa ya tatu, nta ilikuwa imeyeyuka kutoka ukingo hadi ukingo na moto umetulia wima.

"Niambie, mama. Kesho mishumaa kama huu inakwenda kwa watu ishirini."

"Ni mzuri, mwanangu."

Mkamwana akainamisha kichwa, akaanza kukusanya kiberiti chake na mkoba. Mama mkwe alikohoa. Alitazama mlango, akatazama mshumaa.

"Unawaka vizuri," akasema. "Ila harufu imezidi. Kichwa kinanigonga tangu saa ile. Na hilo gauni la Jumapili, lile la kijani ulilonipa, linanikaba kwapani mwaka wa pili huu."

Mama Mishumaa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akafungua dirisha, akaketi tena. "Endelea, mama," akasema. "Na chakula changu?"