Mtungi wa Laban

Siku Laban alipofungua duka lake la magodoro mjini Malindi, mwaka wa 1986, aliwasha rundo la makuti uani ili wageni waone mtungi wa kuzimia moto unavyofanya kazi. Alibana mpini, unga mweupe ukaruka, moto ukazimika, watu wakapiga makofi. Waliochelewa kutoka Magarini nao walitaka kuona, na Laban si mtu wa kumnyima mgeni. Akauonyesha tena.

Kadii, wakala aliyemwuzia bima ya duka, alikuwa amemweleza masharti moja baada ya jingine. Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni. Mtungi uwe umejaa, nao ukaguliwe kila mwaka. Ukitumiwa hata kidogo, upelekwe ukajazwe. Nyaya Laban alizikagulisha vizuri, hati anayo. Ila mtungi alioufyatua mara mbili aliupangusa, akautundika pale pale mlangoni. Mkewe Jedida alipomwonyesha mshale wa kipimo cha mtungi ulivyolala upande mwekundu, wa kuonyesha kwamba umepungua, alimjibu kwamba mtungi mzito hivyo hauwezi kuwa mtupu. Ngoma ivumayo haidumu, lakini Laban alidhani msemo huo ni wa wapiga ngoma.

Mwezi uliofuata, adhuhuri, mpita njia alitupa kipande cha sigara inayowaka kwenye maboksi barazani. Moto ukashika. Tsuma, fundi cherehani wa duka la pili, alikuja mbio na ndoo ya maji, na wenzake nyuma yake na ndoo zao. Laban akawasimamisha kwa mkono, mtulivu kama bwana harusi.

"Wekeni ndoo chini, ndugu zangu. Maji yataniharibia magodoro. Mimi nina mtungi."

Akachomoa pini, akabana. Mtungi ukatoa pumzi moja fupi, basi. Akautikisa, akabana tena, na tena. Walipookota ndoo, moto ulikwisha kuingia ndani, na godoro la sponji likishika halina msamaha. Duka zima liliteketea.

Kadii alikuja na mkaguzi wa bima. Mkaguzi aliupima mtungi uzito, akatazama mshale, akaandika. Laban hakutishika hata kidogo. Moto umetoka nje, alisema, nyaya zake ni salama, kosa lake liko wapi? Akamwita Tsuma awe shahidi wake.

"Waambie, Tsuma. Moto ulianza barazani, tena mdogo."

"Mdogo kweli," Tsuma akasema. "Ndoo mbili zingeuzima."

"Mbona hamkuuzima?" mkaguzi akauliza.

Tsuma aliinama. Alimpenda Laban, na uongo haukumjia upesi.

"Alituambia tuweke ndoo chini, kwa kuwa ana mtungi."

Mkaguzi akafunga kalamu. Kadii akamweleza Laban kwa upole kwamba sharti limevunjwa, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikoutia moto dukani, kwa hiyo kampuni haitalipa. Laban akageuka kumtafuta mkewe amtetee. Jedida alikuwa amekaa kwenye majivu, analia, wala hakumtazama.