Uso Kwenye Kioo cha Saluni

Saluni ya Widad ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko la Sfax, na nje haikuwa na kibao cha maana. Kibao chake kilikuwa kwenye simu. Bibi harusi aliyetaka kusukwa alifungua ukurasa wa Widad, akaona picha za kazi zake, namba ya kupiga, saa za kufungua na ramani ya kumfikisha mpaka mlangoni. Ukurasa huo ndio uliompatia hata Intisar.

Mwishoni mwa majira ya baridi Widad alikuwa ametangaza hapo kwamba anataka mwanafunzi wa ususi, mwenye mikono myepesi na asiyechoka kusimama. Wengi waliandika. Intisar alituma video moja tu, akimsuka binamu yake jikoni, na Widad alipoona zile pini zinavyoingia bila nywele kukatika, akamjibu palepale: njoo.

Akaja kutoka Gafsa na begi dogo. Siku ya kwanza akasema neno moja.

"Dada Widad, mimi usinipige picha. Hata mkono."

"Kwani una nini, binti?"

"Nina mume niliyeachana naye, jina lake Mundhir. Mahakama imemkataza kunisogelea. Yeye anasema mahakama haimjui."

Widad akaapa, na miezi ikapita salama. Intisar alifagia, aliosha vichwa, alijifunza kukausha nywele kwa brashi, akaanza kucheka na wateja.

Kisha msimu wa harusi ukaingia kwa kishindo. Yosra, binti wa muuza mafuta ya zeituni, alitoka kitini amependeza hadi mama yake akapiga vigelegele. Widad akachukua simu akamzunguka, akarekodi shungi kwa nyuma, vito, maua meupe ya fulu, jamii ya asumini. Akaweka muziki, akaitundika ukurasani, akarudi kazini.

Kufika Alhamisi video ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko kazi zake zote za mwaka ule. Widad alikaa na kikombe cha kahawa akisoma maoni kwa raha zake. Mashallah. Bei gani? Mko wapi? Halafu akakuta hili, kutoka kwa mtu asiye na picha:

"Kazi nzuri. Huyo anayeshika pini ni mwanafunzi wako?"

Akaweka kikombe chini. Aliirudisha video nyuma, akaitazama tena polepole. Intisar hakuwepo mbele ya kamera. Alikuwa kwenye kioo. Nyuma ya bega la Yosra, kwa muda wa kupepesa jicho, uso wake wote, ameinama, pini mdomoni.

Widad akaifuta video. Kwa haraka alibonyeza pasipotakiwa mara mbili. Lakini Yosra alikwishaiweka kwake, na shangazi zake nao kwao. Kuifuta kulikuwa sawa na kuyazoa maji yaliyomwagika mchangani.

Alipomwambia Intisar, yule binti hakulia. Aliiweka brashi mezani, akauangalia mlango.

"Ni yeye. Ananijua hata kwa kivuli."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuponza."

"Ramani ya hapa bado iko ukurasani?"

Ilikuwepo bado. Widad akaiondoa palepale, ingawa alijua mtu anayetafuta ameshaiona.

Mchana ule wakaenda kwenye kitengo cha polisi kinachoshughulikia ukatili dhidi ya wanawake. Askari wa kike akaisoma amri ya mahakama, akawaambia wasimzuie yule mtu ukurasani wala kumjibu, bali wapige picha maneno yake yakionekana pamoja na jina na tarehe. Akamwandikia Widad namba yake. Kabla ya jioni Intisar alikuwa njiani kwenda Mahdia, kwa msusi rafiki wa Widad.

Usiku huo ujumbe ukaingia ukurasani. Jina la mwanamke, picha ya waridi.

"Nataka kuosha nywele Jumamosi. Anihudumie yule binti wa pini."

Widad akaukagua ukurasa wa huyo mwanamke. Ulifunguliwa wiki ileile. Hakuwa na rafiki hata mmoja, wala picha yoyote zaidi ya lile waridi. Angekataa, asingejua nani anakuja na lini. Akamtumia askari picha ya ujumbe, kisha akajibu: karibu, saa nne.

Jumamosi aliacha mlango wazi ili aone kichochoro chote. Saa nne akaingia mwanamke mzee, amejifunika shuka jeupe, anahema kwa safari. Alikaa kitini bila kukaribishwa.

"Yule binti yuko wapi?"

"Ni mimi nitakayekuhudumia, mama."

Widad akamlaza kichwa kwenye beseni. Nywele zilikuwa chache, nyekundu kwa hina. Alipokuwa akizisugua, macho yake yalikuwa mlangoni, na kila kivuli kilichopita nje kilimfanya asimamishe vidole.

"Mbona unatetemeka, mwanangu?" mzee akauliza, macho kayafumba.

"Nina baridi."

"Baridi na joto hili?" Akajifuta maji shavuni. "Mimi ni Mabruka. Mamake Mundhir."

Widad akaachia bomba. Maji yakamrukia kifuani.

"Usipige kelele. Nimekuja peke yangu. Mjukuu wangu ndiye aliyeniandikia kwenye simu, mimi sijui kusoma. Mwambie Intisar mwanangu amemwona. Tangu juzi hatii chakula mdomoni, anaitazama ile video tu. Kesho anakuja."

"Nitakuaminije, mama?"

"Usiniamini." Mzee akafumbua macho. "Niambie tu yuko wapi."

Widad akauangalia uso ule uliolowa, akaona uchovu, akaona huruma, na bado hakuthubutu.

"Ameondoka. Kavuka mpaka, yuko Libya."

Mabruka akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Akija, mwambie hivyohivyo. Ila wewe usitetemeke."

Mzee alipotoka, Widad alimpigia askari, naye akaahidi gari litakuwa karibu. Mundhir alikuja Jumapili kweli, saluni imejaa. Alisimama mlangoni, mahali ambapo mwanamume hasimami, na mteja mmoja akavuta taulo kichwani. Alikuwa ameshika simu, na ndani yake muziki wa video ya Yosra ulikuwa unalia.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Si mkeo tena," alisema Widad. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, kidole juu ya namba ya askari. "Ameenda Libya."

"Muongo!"

Akaingia hatua moja. Akausukuma mlango wa chumba cha kutolea vinyweleo kwa nta, akakuta ndoo tu. Alipogeuka, Widad aliona ngumi yake, akafikiri, sasa, akabonyeza ile namba. Ndipo wale wanawake wakasimama, mmoja na rangi inamtiririka shingoni, mwingine na vibanio kichwa kizima, wakajipanga kati yake na Widad.

"Toka, usiye na haya!"

Akatoka, akitukana. Hakufika mbali. Gari la polisi lilimkuta mwisho wa kichochoro, na ile simu yenye maneno yake ikabaki kwao kama ushahidi.

Hatakaa ndani daima, na Widad anajua hivyo. Intisar amebaki Mahdia, anasuka, wala jina lake halipo ukurasa wowote. Widad ameurudisha ukurasa wake kwa sababu hana njia nyingine ya kula, ila sasa anapiga picha za wateja dhidi ya ukuta mtupu. Kabla ya kuziweka anazikuza, anazikagua vioo, madirisha, hata mng'ao wa vito. Bado hajatafuta mwanafunzi mwingine. Na kila anayeandika bila picha, Widad humsoma mara mbili, kisha huinuka kuutazama mlango.